Mbegu Kumi, Miche Minane: Maharagwe ya Wiki Mbili Darasani

Chukua darasa la Gredi ya Tatu lenye watoto 48. Wamegawanywa vikundi vinane, sita sita, na kila kikundi kimepewa mbegu kumi za maharagwe. Zote ni 80. Siku ya 11 baada ya kupanda, darasa linahesabu miche 63. Kundi la nne limepata yote kumi na linajigamba. Kundi la sita limepata minne tu na limenyamaza.

Hapo walimu wengi hutoa vigelegele kwa kundi la nne, wakapiga picha, wakasonga mbele. Kwetu sisi somo lenyewe liko kwenye zile 17 ambazo hazikuonekana. Ndizo zinazomlazimisha mtoto kutoa, kuchimbua, kulinganisha na kuandika sentensi ambayo hakuinakili popote. Kwa hivyo tunachoeleza hapa si namna ya kupata mavuno. Ni wiki mbili tu za haragwe, tangu linapoingia udongoni hadi siku ya kuchimbua yaliyokwama.

Tunapenda maharagwe kuliko sukuma wiki kwa kazi hii kwa sababu mbegu yake inashikika. Mbegu ya sukuma ni kama punje ya pilipili manga iliyosinyaa. Ikipotea, imepotea, huwezi kumwambia mtoto wa miaka minane aitafute. Haragwe la nyayo analishika, analihesabu, na wiki mbili baadaye anaweza kulichimbua akasema, "Hili hapa." Robo kilo kutoka dukani ina mbegu zaidi ya mia nne, kwa hivyo darasa zima linapanda na kubakiwa na za kurudia.

Nunua yale ya kula, yasiyo na rangi. Mbegu za duka la pembejeo mara nyingi hupakwa dawa ya kuzuia ukungu na huwa na rangi ya waridi, kijani au samawati ili watu wasizile. Hizo zisiingie mikononi mwa watoto. Hata ya kula yana onyo lake: haragwe bichi likitafunwa huleta kutapika na maumivu ya tumbo, na katika watoto 48 hakosi mmoja wa kujaribu. Sema mapema, sema mara mbili.

Kuchambua mbegu ni kipindi kizima, na kisikatwe. Mwaga kiganja cha maharagwe juu ya gazeti kwa kila kikundi na uwaache wayapange: mazima, yaliyopasuka ganda, yaliyokunjamana, yenye tundu la fukusi. Kila rundo lihesabiwe na idadi yake iandikwe. Yenye matundu msiyatupe. Mengine huota, kwa kuwa mdudu amekula chakula cha akiba bila kufika kwenye kile kijichipukizi kilicho pembeni. Yawekeni kwenye chupa yenye kifuniko, yatafaa baadaye. Kwa zamu ya kwanza kila kikundi kichague kumi mazima.

Vyombo ni pakiti za maziwa za nusu lita, ambazo hakuna nyumba Nairobi inayozikosa. Omba kila mtoto alete moja, halafu utumie 40 zilizo nzuri: kila kikundi pakiti tano, kila pakiti mbegu mbili. Zioshwe kwa sabuni siku ileile zinapoletwa. Pakiti iliyosuuzwa kwa maji matupu huanza kunuka siku ya tatu na kuita sisimizi. Zile laini za plastiki haziwezi kusimama zenyewe. Kunja mdomo wake nje mara mbili, upate ukingo mgumu kama wa soksi iliyokunjwa, nayo itasimama udongo ukiingia. Chini toboa matundu manne kwa msumari. Kazi hii aifanye mwalimu, na ahakikishe kila tundu linapitisha mwanga, maana plastiki laini hutobolewa kisha ikajifunga tena. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia tukifika kwa kundi la sita.

Pakiti moja huchukua takribani mililita 400 za udongo, kwa hivyo 40 zinahitaji lita 16. Tumia ndoo ndogo ya lita 4: ndoo mbili za udongo, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu. Mbili na moja na moja ni nne, nne mara nne ni 16. Watoto watakubali hesabu hiyo kwa moyo wote, kisha watachanganya na kujaza, na udongo utaisha kabla ya pakiti kuisha. Mchanga umeingia katikati ya mabonge ya udongo na samadi, mahali palipokuwa na hewa, na mchanganyiko umepungua. Usiwaeleze haraka. Chukua kikombe cha mchanga na kikombe cha changarawe, vimimine pamoja mbele yao, uwaulize mbona havijazi vikombe viwili. Halafu ongezeni ndoo ya tano, mkiwa mmekwisha kuipanga pembeni.

Uwiano huo unafaa shule zilizo kwenye udongo mwekundu, upande wa Dagoretti na Karen. Upande wa Embakasi udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaonata kama gundi ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiutumia vilevile, juu ya pakiti hutokea gamba gumu na mche hujivunja shingo ukijaribu kulipenya. Huko punguza udongo uwe ndoo moja na uongeze mchanga uwe mbili.

Lowesha mchanganyiko kabla ya kujaza. Kipimo ni ngumi: finya konzi ya udongo, ufungue kiganja. Ukisambaratika, maji hayajatosha. Ukitiririsha maji kati ya vidole, yamezidi. Ukikaa kama kipande cha ugali uliopoa, umefika. Baada ya kushika samadi, mikono ioshwe kwa sabuni.

Kina cha kupanda ni sentimita 3. Ukiwaambia watumie kidole, kila mmoja atatumia kidole chake chote, na mbegu itakwenda chini sentimita sita. Haragwe lililozikwa hivyo humaliza akiba yake kabla halijaona mwanga. Kata vijiti, pima sentimita 3 kwa rula, weka alama ya kalamu, na sheria iwe moja: kijiti kinaingia hadi kwenye alama, basi. Mbegu ilazwe, ifunikwe bila kukandamizwa. Kijiti hichohicho kisimamishwe kando ya mbegu ili baadaye ijulikane ilipo. Pakiti zipewe herufi A hadi E, na mbegu zake ziwe A1, A2, B1, B2, hadi E2.

Pandeni Jumatatu. Mwezi wa Februari, jua la Nairobi likiwa limekolea, maharagwe huanza kuchomoza kati ya siku ya saba na ya tisa. Ukipanda Jumatatu na kuiita siku ya 0, wikendi ya kwanza huangukia siku ya 5 na ya 6, kabla hakijatokea kitu, na siku zote za kuchomoza zinakuwa za shule. Anayepanda Ijumaa hurudi Jumatatu ya pili akute miche imeshasimama na tarakimu zenyewe zimempita. Mwezi wa Julai mambo ni mengine: mawingu ya asubuhi hayaondoki, udongo ni baridi, na mbegu inaweza kukaa wiki mbili. Ukifanya mradi mwezi huo, ongeza wiki, na umwagilie nusu ya kawaida.

Maji ndiyo muuaji mkuu, na huua kwa upendo. Kila mtoto akija asubuhi anataka kuinywesha mbegu yake, na vikundi ni vya watu sita. Weka mwenye zamu mmoja kwa siku, kikombe kimoja kidogo cha yogati kinachogawanywa kwa pakiti mbili, na alama ya vema kwenye chati baada ya kumwagilia. Kabla ya kumwagilia, mwenye zamu agusishe kidole juu ya udongo. Udongo ukishika kidole, siku hiyo hakuna maji, na chati iandikwe sifuri.

Sifuri kwenye chati ya miche nayo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kuanzia siku ya 1 hadi ya 6 hakuna kinachoonekana, na watoto huacha safu zikiwa tupu. Ukiuliza, jibu ni, "Ticha, hakuna kitu cha kuandika." Nafasi tupu ina maana mbili: labda hakuna aliyeangalia, au ameangalia asione kitu. Sifuri ina maana moja tu. Sifuri hizo ndizo zinazoonyesha haragwe lilichukua muda gani, na bila hizo hakuna mtu atakayejibu swali hilo siku ya 14.

Kwa kuwa siku hizo ni za ukimya, kila kikundi kiwe na dirisha. Kata chupa ya maji isiyo na rangi, ya nusu lita, upande wa juu. Kunja gazeti lililoloweshwa, livalishe ndani likibana ukuta wa chupa, kisha usukume haragwe moja katikati ya gazeti na plastiki. Ndani weka maji kimo cha kucha, yaliguse gazeti lakini yasiifikie mbegu. Hapa wataona kinachotangulia: haragwe linavimba, ganda linapasuka, na cha kwanza kutoka ni mzizi, ambao huelekea chini hata ukiigeuza chupa. Ukilifunika kwa karatasi nyeusi litaota vilevile. Madaftari mengi yana sentensi isemayo mbegu inahitaji maji, hewa na jua ili iote. Jua linahitajika baadaye, jani likifunguka. Chupa iliyofunikwa inafunza hilo bila mabishano. Haragwe hilo la dirishani halihesabiwi kwenye yale kumi.

Siku ya 7, Jumatatu, inaanza shughuli, na matatizo huanza nayo. Watoto wawili wa kikundi kimoja wanahesabu pakiti zilezile, mmoja anapata mbili, mwingine nne. Wote ni wakweli. Mmoja amehesabu shingo nyeupe iliyojikunja kama kulabu ikiinua udongo; mwingine anangoja majani. Amueni pamoja na muiandike juu ya chati: imechomoza ikiwa sehemu yake yoyote inaonekana bila kugusa udongo. Ile "bila kugusa" isiachwe. Anayefukua kidogo kutazama huvunja shingo hiyo laini, na mche hauponi.

Kosa la pili ni zuri zaidi, na hulipata karibu kila darasa. Kundi la kwanza limejaza hivi:

Siku ya 7: 1
Siku ya 8: 4
Siku ya 9: 7
Siku ya 10: 8
Siku ya 11: 8

Ukiwaambia watoe jumla, wanajumlisha safu yote na kupata 28. Miche 28 kutoka mbegu kumi. Wengine hawashtuki hata kidogo, kwani hesabu ya kujumlisha wameifanya sawa. Usiifute. Waulize tu mbegu zilikuwa ngapi, halafu usubiri. Kwa kawaida mmoja ataanza kucheka, ndipo mnaweza kuongeza safu ya pili. Safu ya kwanza ni iliyosimama leo, safu ya pili ni mipya ya leo, ambayo hupatikana kwa kutoa ya jana katika ya leo: 1, kisha 4 toa 1 ni 3, 7 toa 4 ni 3, 8 toa 7 ni 1, 8 toa 8 ni 0. Jumlisha safu hiyo ya pili upate 8, nenda kwenye pakiti uhesabu kwa macho, upate 8. Mtoto ambaye kutoa kwake kulikuwa kazi ya kitabuni tu sasa ana sababu ya kutoa: anataka kujua ni mingapi iliyozaliwa usiku.

Urefu upimwe kwa mche mmoja tu kwa kila kikundi, la sivyo kipindi chote kitaishia kwenye rula. Rula zenyewe ni mtego, kwani nyingi zina nafasi kabla ya sifuri, na mtoto huanzia kwenye ukingo wa mbao. Njia iliyotufaa ni utepe wa kalenda ya zamani: usimamishe kando ya mche kuanzia kwenye udongo, ukatwe ulipofika mche, uandikwe siku, ubandikwe kwenye manila. Kesho ubandikwe mwingine kando yake. Baada ya siku nne hiyo tayari ni grafu, na hakuna aliyechora mstari. Kila utepe upimwe ukiwa mezani, ambako rula haitikisiki na mche haujeruhiwi.

Kisha wikendi inaingia tena. Utepe wa Ijumaa ni sentimita 7, wa Jumatatu ni 12, na watoto wanaubandika mara baada ya ule wa Ijumaa. Grafu inasema mche umeruka sentimita 5 kwa siku moja. Acheni nafasi mbili tupu za Jumamosi na Jumapili, halafu muulize huenda mche ulikuwa na urefu gani siku hizo. Hapa nafasi tupu ni sahihi kuliko sifuri, na ni vyema waone tofauti hiyo: kwenye chati ya siku ya 3 sifuri ilikuwa kweli, hapa ingekuwa uongo.

Sasa uandishi. Ukisema tu, "Andikeni mlichoona," utapata sentensi moja ikizunguka darasa zima: maharagwe yetu yamemea vizuri. Wape mwanzo wa sentensi, wajaze: Leo tumehesabu… Jana ilikuwa… Tumeona… Tunadhani… kwa sababu… Tumeona na tunadhani zitenganishwe kwa mistari miwili, kila siku, hadi wazoee. "Tumeona jani limelala upande wa dirisha" ni kitu. "Tunadhani linafuata mwanga" ni kitu kingine, na huweza kujaribiwa kwa kuigeuza pakiti.

Lakini kwa Kiswahili kuna jambo jingine lililojificha kwenye bustani hii, nalo limetufaa kuliko zoezi lolote la sarufi. Mtoto wa Nairobi husema miche mbili, majani mbili, maharagwe mbili, na ukimsahihisha kwenye ubao anarekebisha hapo na kurudia kesho. Sasa ana kitu kimoja mkononi chenye majina mengi, na kila jina linataka idadi yake. Ni haragwe moja, maharagwe mawili. Ni mbegu mbili. Limechomoza, sasa ni mche mmoja, miche miwili. Limefungua jani moja, majani mawili. Vitu ni vilevile viwili, lakini neno linakuwa mawili, mbili, miwili. Katika kuhesabu kumi wanagundua wenyewe kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: miche sita, majani sita, mbegu sita. Kundi lenye miche minane lina kazi ya sarufi kuliko kundi lenye saba, na watoto huliona hilo kama bahati mbaya ya kuchekesha.

Vitenzi navyo viachiwe nafasi. Kwao kila kitu "kimetoka". Kikubali, ukiandike ubaoni, kisha uongeze pembeni: mzizi umechipuka, mche umechomoza, shingo imenyooka, jani limefunguka, ganda limedondoka. Baada ya wiki moja orodha hiyo hutumika bila kulazimishwa kwa sababu kila neno lina kitu chake mbele ya macho.

Turudi kwa zile 17. Siku ya 11, Ijumaa, kila kikundi kiandike mbegu gani haijaonekana, kwa herufi na nambari yake, na kitabiri kitakachokutwa. Utabiri uandikwe kabla ya kuchimba. Ukiandikwa baada, kila mtu alikuwa anajua. Siku ya 14, Jumatatu, chimbueni kwa kijiko pale kijiti kilipo, polepole kutoka pembeni, na mbegu iwekwe juu ya karatasi nyeupe.

Hali zinazokutwa ni nne, na zinatofautishwa kwa jicho, kidole na pua. Iliyooza ni laini, ukiibonyeza hutoa ute, na harufu yake haina mjadala. Maji yalizidi na hewa ikakosekana. Iliyobaki ngumu kama siku ya kupandwa haikunywa maji: ama upande wake wa pakiti ulikauka, ama haragwe lenyewe ni la ghalani siku nyingi na ganda limekuwa gumu. Iliyoota kisha ikajikunja au kuvunjika shingo ilizikwa mno, au ilikutana na gamba la udongo, au na kidole cha mtu. Ya nne haipo kabisa, au limebaki ganda tupu. Hapo tafuta alama za panya juu ya udongo, na uwe tayari kwa mtoto atakayekiri taratibu kwamba aliitoa aione.

Katika darasa letu la mfano, 9 zimeoza, 3 ngumu, 3 zimevunjika shingo na 2 hazipo. Tisa na tatu na tatu na mbili ni 17. Chora miraba ya chaki sakafuni, kila hali na safu yake, na kwa kila mbegu weka kifuniko kimoja cha soda ndani ya mraba mmoja. Bila miraba, vifuniko vitatu vilivyoachana huonekana vingi kuliko vitano vilivyobanana, na darasa litabishana na macho yake.

Safu ya zilizooza inazipita nyingine zote. Waulize zimetoka wapi. Hesabu ya vikundi ilikuwa 8, 9, 7, 10, 8, 4, 9 na 8. Kundi la sita lina mbegu sita zilizokosekana, na tano kati yake zimeoza. Hitimisho la haraka la wenzao ni kwamba kundi la sita ni wavivu, au walimwaga maji ovyo. Tazameni chati yao ya zamu: alama za vema ni zilezile kama za wengine. Tazameni herufi. Zilizooza ni A1, A2, B1, B2 na C1. Pakiti D na E zimepata miche mitatu kati ya mbegu nne, na ile moja iliyokosekana imevunjika shingo, haikuoza. Kwa hivyo shida haiko kwa kikundi, iko kwa pakiti tatu. Pakiti A, B na C zilikaa upande mmoja wa sinia lililobeba pakiti zao zote tano. Wekeni maji kidogo kwenye sinia hilo pale mezani palipokuwa, na yote yatakimbilia upande huo: mguu mmoja wa meza ni mfupi. Pakiti tatu zilikuwa zimesimama ndani ya maji, na matundu ya chini, badala ya kuyatoa, yaliyaingiza.

Sinia likiwa limesimama sawa na bado pakiti moja imeoza peke yake, igeuze na uitazame dhidi ya mwanga. Hapo mara nyingi tundu moja tu kati ya manne ndilo lililo wazi.

Sentensi ya kundi la sita siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kundi la nne: "Tuliona mbegu tano zimeoza. Zote zilikuwa pakiti A, B na C. Tunadhani ni kwa sababu meza imeinama na maji yalikaa huko." Kundi la nne liliandika kwamba miche yao yote kumi imechomoza. Hawakuwa na la ziada, na si kosa lao. Ndiyo maana tunapendekeza kundi lenye kumi lipewe ile chupa ya maharagwe yenye matundu ya fukusi, lipande kumi na kuanza upya siku hiyo, likiwa limeandika kwanza linadhani mangapi yataota.

Miche iliyobaki haiwezi kuishi kwenye pakiti hadi kuzaa. Ikifikisha wiki ya nne huwa imejaza mizizi na majani ya chini yanageuka manjano. Pasua pakiti ubavuni, uihamishe pamoja na udongo wake kwenye tuta au gunia, umbali wa sentimita 15 kwa mche na mche, ikiwa shule ina mahali na mtu wa kumwagilia likizo ya Aprili. Kama hakuna, wape watoto waende nayo nyumbani. Pakiti zioshwe tena; matundu yake tayari yapo.

Zamu ya pili ibadilishe kitu kimoja tu. Kundi la sita litataka kubadilisha vyote: udongo mpya, mbegu mpya, meza mpya, dirisha jingine. Wakifanya hivyo wakapata kumi, hawatajua kilichowasaidia. Udongo ubaki wa uwiano uleule, mbegu zitoke kwenye robo kilo ileile, zamu ya maji iwe ileile, na meza ibaki ilipo. Kunja kipande cha boksi, kiwekwe chini ya ule mguu mfupi, wamwage maji kwenye sinia wahakikishe hayakimbii, ndipo wapande na kuandika siku ya 0.